Usaili wa Mfanyakazi wa Kwanza: Maswali Matano na Saa Mbili za Kaunta
Mada kwa wenye maduka madogo wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa



Mwenye duka dogo hufikia siku moja ambayo mikono yake miwili haitoshi. Katika mji wa Mbinga siku hiyo huja na msimu wa kahawa, wakulima wanapolipwa na kufika dukani wote kwa wiki chache. Kule ufukweni, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, huja na usiku wa giza. Dagaa wa ziwa hili, wanaoitwa usipa, huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta vizuri pale mwezi usipoonekana. Asubuhi ya usiku wa namna hiyo wavuvi hushuka na fedha mkononi, wakitaka unga, sabuni, betri na sukari kwa wakati mmoja. Mwezi unapong'aa, mavuno hupungua, na wateja walewale huja kukopa. Atakayeajiriwa kusimama kaunta atapaswa kuzijua hali zote mbili: asubuhi ya wateja wengi na juma la madeni.

Mada hii inahusu namna ya kumchagua mtu huyo. Haizungumzii kampuni kubwa yenye idara ya utumishi, bali duka la chumba kimoja ambalo mwenyewe ndiye meneja, mhasibu na mfagiaji. Ili maelezo yasielee hewani, lichukuliwe duka moja la mfano, lililo Mbamba Bay hatua chache kutoka mahali mitumbwi inapotia nanga. Mwenye duka ni mama wa makamo. Bei na mishahara itakayotajwa ni ya mfano tu.

Mama huyu hupanda Mbinga kila Alhamisi kufuata bidhaa. Siku hiyo duka hufungwa tangu alfajiri hadi magharibi. Kwa muda mrefu hakuiona hasara yake, kwa sababu mauzo yaliyopotea hayaandikwi popote. Aliitambua alipolinganisha daftari lake: mauzo ya Ijumaa hayakuwahi kufidia yale ya Alhamisi. Wateja waliokuta mlango umefungwa hawakungoja, walinunua kwingine. Hapo akaamua kuajiri.

Habari zilimfikia kaka yake kabla hata tangazo halijabandikwa. Kaka alipiga simu.

"Dada, nimesikia unatafuta kijana wa duka. Mwanangu yupo nyumbani, amemaliza kidato cha nne. Utamwachaje wa damu yako uchukue mtu baki?"

"Kaka, sijamwacha. Mwambie aje Jumamosi na wenzake. Atakayeiweza kazi ataipata."

"Na wenzake? Yeye naye asailiwe?"

"Ndiyo, kaka. Nitawauliza wote maswali yale yale."

Jibu hilo lilimgharimu, kwa maana kaka ni mkubwa kwake na ndiye aliyemkopesha mtaji wa kwanza. Lakini alikuwa amekwisha kuona kwa majirani jinsi ajira ya undugu isiyopimwa inavyomaliza duka na undugu kwa pamoja. Ndugu akikosea, ni vigumu kumwonya; akionywa, ukoo mzima hukaa kikao. Ndugu hakatazwi kuajiriwa. Kinachotakiwa ni apite mlango uleule wanaopita wengine.

Kabla ya Jumamosi, mama aliketi na karatasi moja, akaandika kazi yenyewe ilivyo. Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ndiyo inayozaa maswali yote yanayofuata. Hakuandika "awe mchangamfu na mwaminifu", kwa sababu maneno hayo hayapimiki. Aliandika mambo manne ambayo mfanyakazi atayafanya kila siku: kupima na kurudisha chenji bila kosa, kupokea mzigo na kuuhesabu kabla ya kusaini, kufuata utaratibu wa mikopo hata mwenye duka asipokuwepo, na kufunga hesabu jioni.

Akaandika pia saa za kazi, na hapo akakutana na sheria. Duka lake hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku, yaani saa 14. Alidhani mfanyakazi atashika saa hizo zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, saa 9 kwa siku, na siku 6 kwa juma. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya saa moja, na saa za ziada zinazokubaliwa hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Mama akagawa: saa 45 kwa siku 6 ni saa saba na nusu kwa siku. Akapanga zamu ya saa 2 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, pamoja na saa moja ya chakula, Jumatatu hadi Jumamosi. Alfajiri na usiku angesimama yeye mwenyewe. Kama asingepiga hesabu hiyo mapema, angemwahidi mtu kazi moja na kumpa nyingine.

Yafuatayo ndiyo maswali matano aliyoyaandika. La kwanza: "Nieleze wakati uliposhika fedha au mali ya watu wengine. Ulikuwa unahesabuje?" Swali hili halidai mtu awe amewahi kufanya kazi dukani. Aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, aliyeuza usipa wa shangazi yake sokoni, au aliyepima kahawa ya jirani, wote wana la kusema. Anayesikiliza atafute mambo halisi: kiasi, daftari, nani alihakiki. Anayejibu "mimi ni mwaminifu sana" bila tukio lolote bado hajajibu, na aulizwe tena kwa upole.

La pili: "Mteja anadai umempa chenji pungufu, nawe una hakika umempa sawa. Utafanya nini?" La tatu: "Kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, mwaka mzima pamoja na msimu wa kahawa. Utaweza?" La nne: "Jioni unahesabu, unakuta imepungua shilingi 2,000. Utafanya nini kabla sijafika?" La tano: "Una swali gani kuhusu kazi hii?" Hili la mwisho hudharauliwa, ingawa mwombaji anayeuliza mshahara hulipwa tarehe ngapi au nani atabeba upungufu wa fedha anaonyesha kwamba ameifikiria kazi yenyewe.

Yapo pia maswali ambayo mama aliyaandika upande wa pili wa karatasi kisha akayapiga mstari. Umeolewa? Una mimba? Nani atalea mtoto wako? Wewe ni Mmatengo, Mnyasa au Mngoni? Unasali wapi? Sheria ileile inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo: kabila, mahali mtu atokako, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, kuishi na virusi vya Ukimwi na mingineyo. Wala haimlindi aliyekwisha kuajiriwa peke yake. Inamlinda na anayeomba kazi. Baadhi ya maswali haya hutoka kwa nia njema. Mwenye duka hutaka tu kujua kama mtu atafika kazini. Basi aulize hilo. Swali la tatu linamaliza haja yote: linataja siku na saa, na linaulizwa kwa kijana wa kiume na kwa mama wa mtoto kwa maneno yaleyale.

Umri nao uangaliwe. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Aliyefikisha miaka 14 lakini bado ni mtoto aweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumwondoa shuleni. Zamu ya kutwa, siku 6 kwa juma, si kazi ya mtoto.

Jumamosi walifika watatu. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kaka. Wa pili, dada kijana wa kitongoji cha jirani, alikuwa amemaliza darasa la saba. Wa tatu alikuwa kijana aliyewahi kuuza duka Songea kwa miaka miwili. Mama aliwasaili mmoja mmoja, kila mtu dakika 20, wengine wakingoja chini ya mwembe mbali na mlango. Baada ya kila jibu aliandika alama: 0 kwa asiyejibu, 1 kwa jibu la jumla, 2 kwa jibu lenye tukio au hatua zinazoeleweka. Aliandika papo hapo, kwa kuwa anayeahirisha kuandika hujikuta akimpa alama mtu aliyempendeza badala ya jibu alilolisikia.

Yule dada alipoingia alisalimu, "Shikamoo, mama." Alikuwa amefunga kanga kifuani kwa namna ya mtu anayenyonyesha, na mama mwenye duka alijisikia ulimi ukiwasha kuuliza mtoto yuko wapi. Akaitazama karatasi, akasoma swali la tatu kama lilivyoandikwa.

"Marahaba, mwanangu. Kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, mwaka mzima pamoja na msimu wa kahawa. Utaweza?"

"Nitaweza, mama. Nimekwisha kupanga nyumbani."

Jibu hilo lilitosha kwa siku ile, naye akaandika alama 2.

Kijana wa Songea alijibu vizuri kuliko wote, ila kwa swali lilelile alisema kwamba msimu wa kahawa hurudi Mbinga kuisaidia familia shambani kwa miezi miwili au mitatu. Alisema kweli, na mama alimshukuru kwa ukweli huo. Kwa jumla ya alama 10 za maswali, mtoto wa kaka alipata 7, dada kijana 7, na kijana wa Songea 8.

Kama usaili ungeishia hapo, kijana wa Songea angekuwa mbele. Lakini maneno yanaonyesha jinsi mtu anavyozungumza kuhusu kazi. Jinsi anavyoifanya huonekana kaunta. Ndiyo maana kila mmoja alipangiwa saa mbili za jaribio, siku tatu tofauti za juma lililofuata, kwa saa zilezile za asubuhi ili wingi wa wateja usitofautiane mno.

Malipo yalitajwa kabla ya jaribio. Mtu aliyewahudumia wateja halisi amefanya kazi, na duka limepata mauzo yake. Kiasi hupatikana kwa hesabu nyepesi. Mwezi huhesabiwa kuwa na majuma 4.333; ukizidisha kwa saa 45 unapata kama saa 195. Mshahara wa mfano wa shilingi 234,000 ukigawanywa kwa 195 ni shilingi 1,200 kwa saa, hivyo saa mbili ni 2,400. Mama aliwalipa 3,000 kila mmoja, pamoja na chai. Jaribio la siku nyingi bila malipo, ambalo wapo wanaoliita "mazoezi", ni kazi ya bure, na linawafukuza waombaji wazuri wasio na uwezo wa kukaa bila kipato.

Zoezi la kwanza lilikuwa kupima na kurudisha chenji. Jirani, mama ntilie, alikuja kama mteja na kusema kwa mfululizo: "Nipe mchele kilo moja na nusu, sukari robo, na sabuni vipande viwili." Mchele ni shilingi 2,800 kwa kilo, sukari 3,200, sabuni 700 kwa kipande. Jibu ni 4,200, jumlisha 800, jumlisha 1,400, yaani 6,400. Akatoa noti ya 10,000. Chenji ni 3,600. Karatasi na kalamu viliwekwa mezani, na kutumia kikokotoo cha simu hakukukatazwa, kwani dukani vyote hivyo vipo. Mama hakupima kasi peke yake. Aliangalia kama mwombaji anahakikisha mizani iko sifuri kabla ya kuweka mfuko, kama anataja jumla kwa sauti, na kama anaiacha ile noti mezani mpaka chenji ipokelewe. Kuiacha noti nje huondoa ubishi wa "nilikupa elfu kumi" na "ulinipa elfu tano".

Zoezi la pili lilikuwa kupokea mzigo. Hati ya mzigo iliandikwa katoni 6 za sabuni, lakini zilizowekwa mlangoni zilikuwa 5. Mwombaji aliambiwa waziwazi: "Pokea mzigo huu, uhakikishe, kisha usaini." Hapa kuna mpaka wa kuzingatia. Kuangusha fedha sakafuni ili kuona nani ataziokota ni mtego. Unapima tamaa ya dakika moja na kumdhalilisha mtu. Kuhesabu katoni ni kazi yenyewe, na maelekezo yalitolewa bila kufichwa.

Zoezi la tatu lilihusu mkopo. Kabla ya jaribio kila mwombaji alisomewa kanuni ya duka: hukopeshwa aliye kwenye daftari la madeni tu, na deni lake lisizidi 10,000, mwingine asubiri mwenye duka. Kisha mzee mmoja mvuvi, aliyekubali kushiriki, aliingia na kuomba betri nne na mche wa sabuni hadi mtumbwi utakaporudi. Jina lake halikuwemo kwenye daftari. Mtoto wa kaka alimfahamu mzee, akampa na kuahidi kumweleza shangazi. Kijana wa Songea alimpa pia, ila aliandika jina, bidhaa, kiasi na tarehe. Yule dada alifungua daftari, akalisoma mpaka mwisho, akasema:

"Babu, samahani. Jina lako silioni humu, na mimi sijaruhusiwa kuliongeza. Mama anarudi jioni. Nikuwekee betri pembeni zisiishe, uje uongee naye?"

Mzee alitoka akicheka, akamwambia mwenye duka nje: "Huyu amenikatalia, lakini sijakasirika." Hilo ndilo linalotafutwa. Kukataa kwa ukali hupoteza mteja, na kukubali kila ombi hupoteza mtaji, hasa katika yale majuma ya mbalamwezi ambapo kila mlango unaletewa ombi la mkopo.

Zoezi la nne lilikuwa kufunga hesabu. Mwombaji alianza na chenji ya 20,000 na daftari tupu, akaandika kila mauzo ya saa mbili zile, kisha akahesabu fedha na kulinganisha. Kila zoezi lilikuwa na alama 5, jumla 20, yaani mara mbili ya maswali.

Mtoto wa kaka alipata 5 kwa chenji, kwa kuwa hesabu zake zilikuwa za haraka na sahihi. Mzigo aliusaini bila kuuhesabu, akapata 1. Kwa mkopo alipata 0, na hesabu za kufunga 3. Jumla 9, na pamoja na maswali 16. Dada kijana alikuwa taratibu katika chenji, akaandika kila kitu kwenye karatasi, akapata 3; kwa mzigo alipata 5, mkopo 4, kufunga 5. Jumla 17, na pamoja na maswali 24. Kijana wa Songea alipata 5, 4, 2 na 4. Jumla 15, na pamoja na maswali 23.

Mama aliziangalia 24 na 23, na hapa alifanya jambo la busara: hakudai kwamba alama moja inamtenganisha mtu bora na asiye bora. Alama ni za mkono wake mwenyewe, nazo zaweza kupotoka kwa moja au mbili. Kwa wawili waliokaribiana alirudi kwenye masharti ya lazima. Kazi ni ya mwaka mzima, na kijana wa Songea asingekuwepo msimu wa kahawa. Kisha akaomba ruhusa ya dada yule kumpigia simu mwenyekiti wa kikundi alichowahi kukiwekea hazina. Hakumwuliza, "Ni mtu mzuri?", maana jibu la swali hilo ni ndiyo siku zote. Aliuliza, "Alitunza daftari gani, na lini mara ya mwisho hesabu yake ilipishana na fedha?" Akapata jibu lenye mambo ndani yake.

Wengi hutegemea barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kijiji na mdhamini. Vyote viwili vina kazi yake: vinathibitisha mtu ni nani na anakaa wapi. Havionyeshi kama anaweza kupima robo kilo. Na kitambulisho au cheti kikihitajika, kichukuliwe nakala na chenyewe kirudishwe siku ileile. Kushikilia cheti cha mtu kama rehani hakulindi duka. Kunamfunga mtu asiondoke hata anapoonewa.

Simu ya kaka haikukwepeka.

"Dada, basi damu haina thamani tena?"

"Ina thamani, kaka, ndiyo maana nakueleza mwenyewe. Kijana ana hesabu nyepesi kuliko wote watatu. Lakini alisaini katoni 6 zilipokuwa 5, na akakopesha nje ya kanuni. Kila Alhamisi mimi niko Mbinga. Ingekuwa mali yako, ungemwachia?"

Kaka alikaa kimya, kisha akasema: "Mwambie yeye mwenyewe hayo ya katoni. Mimi hanisikilizi." Mama alimwita kijana na kumwonyesha karatasi yake. Kijana wa Songea naye alielezwa sababu, pamoja na ahadi ya kuitwa iwapo kutatokea kazi ya muda mfupi nje ya msimu. Mtu aliyetoa saa zake anastahili kuambiwa matokeo, na sababu iliyoandikwa haimwachi akidhani alinyimwa kwa chuki.

Siku ya kusaini ndipo dada yule aliposema kwamba ana mtoto wa miezi minane, anayelelewa na bibi yake karibu na duka. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi. Walipanga aende saa 4 na saa 8, saa ambazo wateja wa asubuhi wamekwisha kupungua. Jambo ambalo kabla ya usaili lingeweza kumnyima kazi, baada ya usaili lilimalizwa kwa mazungumzo ya dakika tano.

Makubaliano yaliandikwa nakala mbili. Mkataba wa mdomo hufanya kazi kuanza, lakini sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina, umri, anwani na jinsi yake, mahali alipoajiriwa, kazi yake, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa, na malipo yanavyokokotolewa. Maandishi haya ni kinga ya mwenye duka pia, kwa sababu ukitokea mgogoro naye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha masharti humwangukia yeye. Mshahara usiwe chini ya kima kilichowekwa na Amri ya Mshahara inayotumika kwa sekta ya biashara, na michango ya NSSF ianze mwezi wa kwanza.

Kipengele kimoja kilijadiliwa kuliko vingine: upungufu wa fedha. Katika maduka mengi desturi ni kukata mshahara kwa kila shilingi inayokosekana. Sheria hairuhusu hivyo. Makato ya hasara yanawezekana tu kama hasara ilitokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Kama ameelezwa kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Na kama amepewa nafasi ya kupinga. Yasizidi hasara halisi, wala jumla yake isizidi robo ya mshahara wa fedha. Kwa mshahara wa mfano wa 234,000, robo ni 58,500.

Juma la pili la kazi kipengele hicho kilipimwa. Jioni ya Alhamisi chenji ya kuanzia ilikuwa 20,000, mauzo taslimu 146,500, na nauli ya bodaboda iliyolipwa 5,000. Fedha zilizotakiwa kuwepo ni 161,500. Zilihesabiwa 159,500. Upungufu ulikuwa 2,000, kiasi kilekile cha swali la nne. Mfanyakazi alikuwa ameandika tofauti hiyo kwa kalamu nyekundu kabla mwenye duka hajashuka garini. Walipitia daftari mstari kwa mstari, wakakuta bodaboda alilipwa 7,000 kwa sababu mzigo ulizidi, na kitabu kikaandikwa 5,000 ya kila siku. Fedha ilikuwa imetumika kihalali bila kuandikwa. Kama mama angeanza na lawama, angemkata mtu asiye na kosa, na mara ya pili mfanyakazi angejifunza kuficha.

Mwisho, usaili huu una mipaka yake. Saa mbili zinaonyesha hesabu, uangalifu na adabu kwa wateja. Hazionyeshi mtu atakavyokuwa baada ya miezi sita funguo zikiwa mikononi mwake. Kwa hilo hakuna swali la kuuliza. Kuna utaratibu wa kufuata: fedha kuhesabiwa na watu wawili kila jioni, bidhaa zinazokwenda haraka kuhesabiwa kila juma, na kanuni ya mikopo kumhusu mwenye duka mwenyewe na ndugu zake wanaochukua sukari kwa kusema "utaniandikia". Utaratibu huo ukikosekana, mfanyakazi mwaminifu kuliko wote hawezi kuthibitisha uaminifu wake.

Kwa swali la leseni na uendeshaji wa biashara, Afisa Biashara wa halmashauri anapatikana ofisini. Kwa kima cha mshahara, mikataba na makato, wa kuulizwa ni Ofisi ya Kazi ya mkoa, Songea. Ni vyema kuuliza kabla ya kusaini.